Koo la Bunduki: Kwa Nini Risasi za Kasi Humaliza Mtutu Mapema

Mtutu wa bunduki ya shabaha inayotumia risasi aina ya .308 Winchester, ukitunzwa, hufyatua risasi kama 5,000 kabla usahihi wake haujaanza kuyumba. Kila kichwa cha risasi hukaa ndani ya mtutu huo kwa muda wa elfu moja ya sekunde na ushei tu. Jumlisha muda wote ambao moto umewaka ndani yake, tangu siku ulipofungwa kwenye bunduki hadi siku fundi anapoufungua na kuuweka kando, unapata sekunde sita hivi. Mtutu wa .243 Winchester, risasi iliyozaliwa kutoka ganda lile lile la .308, huchoka baada ya risasi 1,500 hadi 2,500. Huo umefanya kazi kwa sekunde mbili au tatu.

Wenye bunduki wengi hudhani mtutu humalizwa na msuguano wa kichwa cha risasi, shaba ikisugua chuma mara elfu kadhaa. Msuguano upo, lakini mchango wake ni mdogo. Mwuaji hasa ni gesi ya moto, na mahali anapoua ni pafupi mno: sentimita chache za mwanzo, pale risasi inapotoka kwenye chumba chake na kuingia kwenye mifereji. Sehemu hiyo ndiyo koo la mtutu. Unaweza kukuta bunduki ambayo koo lake limeharibika kabisa, huku sentimita hamsini zilizobaki mbele yake ziking'aa kama zilivyotoka kiwandani.

Tupaangalie mahali hapo kwa karibu. Nyuma kabisa kuna chumba, ambamo ganda la risasi hukaa. Mbele ya chumba kuna kipande kifupi kisicho na mifereji, kipana kidogo kuliko kichwa cha risasi, ili kichwa kipite bila kukwama. Kisha matuta ya mifereji huanza, si kwa ghafla bali kwa mteremko mdogo, hadi yafikie kimo chake kamili. Kichwa kinapotoka kwenye ganda huruka umbali mfupi, mara nyingi chini ya milimita moja katika bunduki ya mashindano, kisha hugonga mteremko huo, na matuta hukikamata na kuanza kukizungusha. Ikiwa kimekamatwa kikiwa kimenyooka sawa na mhimili wa mtutu, kitaruka vizuri. Kikiingia kimeinama, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, kitatoka kikiwa kinayumba. Kwa hiyo sehemu inayoliwa mapema kuliko zote ndiyo ile ile inayoamua usahihi wa bunduki.

Baruti inapowaka ndani ya ganda, joto la gesi yake hufika nyuzi 2,500 hadi 3,000 za Selsiasi, kutegemea aina ya baruti. Chuma cha pua cha mitutu huyeyuka kwenye nyuzi 1,450 hivi. Kinachouokoa mtutu ni ufupi wa muda. Joto halipati nafasi ya kuzama ndani, hivyo linaloumia ni ngozi ya juu tu ya chuma, yenye unene mdogo kuliko unywele. Ngozi hiyo, kwa kila mlio, hupanda hadi nyuzi mia kadhaa, na katika risasi kali hufika elfu moja. Kisha, gesi ikishatoka, chuma baridi kilicho chini yake huifyonza ile joto yote, na ngozi inapoa papo hapo.

Kila anayefanya kazi ya kufua chuma anajua kinachotokea chuma kikitiwa moto mkali halafu kikapozwa ghafla: kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika. Mabadiliko hayo ya ndani ya chuma huanza kwenye nyuzi 730 hivi. Mhunzi wa visu hukirudisha chuma chake motoni kwa upole ili kipate unyumbufu. Koo la bunduki halipati nafasi hiyo. Hupigwa moto na kupozwa, moto na kupozwa, na ngozi yake inabaki gumba, isiyokunjika. Juu ya hayo, gesi ya baruti ina kaboni na nitrojeni nyingi, na chuma chenye joto hilo huzinywa. Chuma kilichoshiba kaboni huyeyuka kwenye joto la chini zaidi, karibu nyuzi 1,150. Kwa maneno mengine, kila mlio unaifanya ngozi ya koo iwe dhaifu mbele ya mlio unaofuata.

Kwa kuwa ngozi ya moto inataka kutanuka na chuma kilicho chini yake, ambacho bado ni baridi, hakitaki, ngozi hupasuka. Mafundi hutazama jambo hili kwa kamera nyembamba inayoingizwa ndani ya mtutu. Katika mtutu mpya unaona chuma cheupe kidogo, chenye mistari myembamba ya zana iliyokata chumba, na matuta yenye kingo kali. Baada ya risasi mia kadhaa za kasi, picha inabadilika. Mbele tu ya chumba rangi inakuwa ya kijivu iliyofifia, na ukisogeza kamera karibu unaona nyufa zilizokutana na kugawa chuma vipande vipande, kama matope ya bwawa lililokauka kiangazi. Nyufa zilizo sambamba na mtutu huwa ndefu zaidi. Mwanzoni huwa hazina kina, na bunduki hupiga vizuri bila kujali. Lakini gesi ya mlio unaofuata huingia ndani ya ufa, huupanua, hulainisha kingo zake, na mwishowe kipande kizima hung'oka na kutoka na upepo wa moto. Hapo tuta limepungua. Mbele zaidi, nyufa hupungua polepole, hadi baada ya sentimita nane au kumi unaona tena chuma safi.

Kwa nini kooni na si kwingine? Kwa sababu gesi iko kwenye hali yake mbaya kuliko zote pale. Presha imefika kileleni wakati kichwa kimesogea sentimita chache tu. Gesi ni nzito, imebanana, na ni ya moto kuliko itakavyokuwa tena. Kadiri kichwa kinavyokimbia mbele, nafasi inaongezeka, gesi inatanuka na kupoa. Isitoshe, gesi yote iliyotoka kwenye ganda lazima ipite kooni, ilhali ni sehemu tu ya gesi hiyo inayofika mdomoni ikiwa bado na nguvu. Na kabla kichwa hakijabana matuta sawasawa, gesi kidogo hupenya pembeni yake kwa kasi kubwa kupitia mwanya mwembamba. Koo likishaliwa, mwanya huo unakuwa mpana, na gesi inayopenya inaongezeka.

Sasa turudi kwa zile risasi mbili, kwa sababu hazifanani kwa bahati. Kampuni ya Winchester ilitoa .308 mwaka 1952. Mwaka 1955 ikatoa .243, ambayo ni ganda la .308 lililobanwa shingo ili lishike kichwa chembamba zaidi. Tumbo la ganda ni lile lile kwa karibu, na baruti inayoingia inakaribiana: takriban gramu 2.9 kwa .308 na gramu 2.6 kwa .243, kwa vichwa vya uzito wa kawaida. Tofauti iko kwenye tundu la kupitia. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha milimita 7.82, na tundu lake lina eneo la milimita za mraba 48. Kichwa cha .243 kina kipenyo cha milimita 6.17, na eneo la tundu lake ni kama milimita za mraba 30 tu.

Gawa baruti kwa eneo. Katika .308, kila milimita ya mraba ya tundu inapitisha gesi ya baruti yenye miligramu 60. Katika .243 inapitisha ya miligramu 87. Kipenyo kimepungua kwa milimita moja na nusu tu, lakini mzigo wa moto juu ya koo umeongezeka kwa karibu nusu nzima. Kwa kuwa uharibifu wa chuma hauongezeki kwa mstari ulionyooka, bali hupanda kwa kasi joto la ngozi linapokaribia pale panapobadilisha chuma, nusu hiyo ya mzigo hukata zaidi ya nusu ya maisha ya mtutu.

Hesabu hii ndogo ndiyo naiona kuwa ufunguo wa habari yote, na yeyote mwenye kipimio cha vipenyo na jedwali la baruti anaweza kuifanya. Nimeijaribu kwa risasi nyingine. Ile ndogo ya .22 ambayo wanafunzi hujifunzia shabaha ina baruti kama sehemu moja ya kumi ya gramu katika tundu la milimita za mraba 25. Mzigo wake ni miligramu 4. Mtutu wake hupita makumi ya maelfu ya risasi, na mara nyingi unaharibiwa na fimbo ya kusafishia kabla haujaharibiwa na moto. Upande wa pili kuna .264 Winchester Magnum ya mwaka 1958, yenye gramu 4 za baruti nyuma ya tundu la milimita za mraba 35. Mzigo wake ni zaidi ya miligramu 110. Risasi hiyo ilipata sifa mbaya ya kula mitutu tangu miaka yake ya mwanzo, na sifa hiyo haikuisha.

Linalowashangaza wengi ni .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912 na ambayo wawindaji weledi wa Tanzania wanaijua kama risasi ya nyati. Inapiga kelele, inasukuma bega, ganda lake ni refu na limejaa karibu gramu 5 za baruti. Lakini tundu lake ni la milimita za mraba 71, hivyo mzigo wake hauzidi miligramu 70, jirani kabisa na .308. Ukubwa wa risasi, basi, si kipimo. Kipimo ni baruti kiasi gani inalazimishwa kupita katika tundu la ukubwa gani. Mwindaji anayefyatua risasi ishirini au thelathini kwa msimu, ikiwa ni pamoja na zile za kurekebisha darubini, hataona koo la .375 yake likiisha maishani mwake. Unyevu wa pwani na kutu vitamtangulia.

Kasi inaingia vipi, basi? Ili kichwa kiruke kwa kasi kubwa katika mtutu wa urefu uleule, lazima kisukumwe kwa nguvu kubwa kwa safari ndefu zaidi ya ile ya mlipuko wa kwanza. Mtengenezaji hupanua ganda, hulijaza baruti inayoungua polepole, na huacha presha ipande karibu na kikomo kinachoruhusiwa. Baruti ya namna hiyo haiishi ndani ya ganda; punje zake nyingi husukumwa mbele zikiwa bado zinawaka, zikipita kooni pamoja na gesi. Risasi ya .220 Swift, iliyotoka mwaka 1935, ilitangazwa kwa kasi ya zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde kwa kichwa cha gramu 3 hivi. Kwa mpigaji, kasi hiyo ilimaanisha njia iliyonyooka na upepo usiosumbua. Kwa koo la mtutu ilimaanisha moto mwingi katika tundu jembamba. Kichwa chenyewe, kwa mbio zake, hakikuwa na kosa kubwa.

Aina ya baruti nayo ina neno lake, na hapa historia ya jeshi la Uingereza inaeleza vizuri kuliko maabara. Bunduki ya Lee-Metford iliingia kazini mwaka 1888 ikitumia baruti nyeusi ya zamani. Mifereji yake, iliyobuniwa na William Metford, ilikuwa ya kina kifupi na yenye kingo za mviringo, ili masizi ya baruti nyeusi yasigande. Miaka michache baadaye jeshi lilihamia kordaiti, baruti isiyo na moshi iliyokuwa na asilimia 58 ya nitrogliserini. Kordaiti ilikuwa na nguvu, na ilikuwa na moto. Matuta yale mafupi ya mviringo yakaisha upesi. Mwaka 1895 likaja jibu kutoka kiwanda cha Enfield: mifereji mitano yenye kina na kingo za mraba, ambayo ilikuwa na chuma zaidi cha kupoteza kabla ya bunduki kukosa shabaha. Ndivyo Lee-Metford ilivyogeuka kuwa Lee-Enfield, bunduki ambayo baadaye askari wa KAR waliibeba katika vita viwili vikuu na ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki waliijua kwa jina la .303.

Mifereji mipya ilichelewesha tatizo bila kuliondoa, hasa katika mizinga. Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, vilionyesha mitutu ya mizinga ikiisha haraka kupita ilivyotazamiwa. Mwaka 1901 Waingereza wakabadilisha baruti yenyewe: nitrogliserini ikashushwa hadi asilimia 30, pamba ya baruti ikapandishwa hadi 65, na asilimia 5 iliyobaki ikawa vaselini. Moto ulipoa, na maisha ya mitutu yakarefuka. Mpaka leo mpiga shabaha anayechagua kati ya baruti mbili zinazompa kasi ileile hutazama kama moja ina nitrogliserini nyingi. Hiyo itampa kasi kwa urahisi zaidi, na itadai malipo kooni.

Mfano uliokithiri kuliko yote ni mzinga wa Wajerumani uliopiga Paris kuanzia tarehe 23 Machi 1918 kutoka umbali wa kilomita 120. Kombora lake lilitoka kwa kasi ya mita 1,600 na zaidi kwa sekunde, na kila mlio uliukwangua mtutu kiasi kwamba kombora lililofuata lilipaswa kuwa nene kidogo kuliko lililotangulia. Makombora yalipewa namba, na yalipigwa kwa mpangilio huo bila kuruka hata moja. Baada ya milio kama 65 mtutu ulirudishwa kiwandani kutobolewa upya, ukatoka na kipenyo kikubwa zaidi. Hapo kuhesabu milio hakukuwa suala la kumbukumbu nzuri. Hesabu iliamua kombora gani liingie chumbani.

Mpiga shabaha wa leo naye huhesabu, kwa sababu mtutu wake hauna saa nyingine ya kumwambia umri. Daftari lake lina safu chache tu: tarehe, risasi ngapi zimepigwa, jumla tangu mtutu ufungwe, kasi iliyopimwa, na umbali wa kufikia matuta. Huo wa mwisho ndio wenye habari. Anachukua ganda tupu la bunduki ile ile, anasukuma kichwa ndani ya mtutu taratibu mpaka kiguse matuta, na anapima urefu kwa kipimio. Baada ya risasi mia moja au mia mbili anarudia kwa kichwa cha aina ile ile. Katika risasi za milimita 6 zenye kasi, matuta husogea mbele kwa kama sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila risasi mia, pengine chini kidogo, pengine juu. Baada ya risasi 1,500 koo limesogea milimita moja na nusu.

Mpigaji mwenye kutengeneza risasi zake huzifuata matuta kwa kukiweka kichwa mbele zaidi kwenye ganda, na usahihi unarudi kwa muda. Njia hiyo ina mwisho. Risasi ikizidi urefu haiingii kwenye magazini, na kichwa kikitokeza mno shingo ya ganda haikishiki tena sawasawa.

Safu ya kasi nayo husema. Mtutu mpya mara nyingi huongeza kasi kidogo katika risasi mia moja au mia mbili za kwanza, kisha hutulia kwa muda mrefu. Inapofika siku kasi imeanza kushuka bila baruti kubadilishwa, na hasa inapoanza kutofautiana kati ya mlio na mlio, koo limekuwa pana na gesi inapenya. Kosa baya la wakati huo ni kuongeza baruti ili kuirudisha kasi iliyopotea. Inarudi kweli kwa risasi chache, huku moto ulioongezwa ukimaliza kilichosalia.

Dalili za kwenye karatasi ya shabaha huja mwisho, na hazianzii karibu. Kwa mita 100 bunduki yenye koo lililochoka inaweza bado kuweka matundu matano ndani ya sarafu. Kwa mita 600 au 900 mambo ni mengine: matundu yanaanza kutawanyika juu na chini, kwa kuwa kila kichwa kinatoka na kasi yake, kisha tundu moja linatoka nje ya kundi bila sababu ambayo mpigaji anaweza kuieleza. Shaba inaanza kuganda kwenye nyufa, kwa hiyo mtutu uliokuwa ukisafishika kwa dakika kumi sasa unadai saa nzima. Mitutu mingine huenda vizuri hadi mwisho na kuanguka ndani ya shindano moja. Ndiyo maana wapigaji wa mashindano hawangoji. Mwenye .243 iliyofika 1,500 huwa na mtutu mwingine tayari kwa fundi.

Lakini idadi peke yake haitoshi, na hapa ndipo wauzaji na wanunuzi wa bunduki zilizotumika hukosana kwa nia njema. Risasi 1,000 za bunduki moja si sawa na 1,000 za bunduki nyingine. Kilichoelezwa juu, kwamba ngozi ya koo hupanda hadi karibu na joto linalobadilisha chuma, kinategemea ilianzia wapi. Mtutu ulio na nyuzi 30 unapofyatua hupata nafuu ya kupozwa na chuma chote kilicho chini ya ngozi. Mtutu ambao tayari una nyuzi 150, kwa sababu umefyatua risasi kumi mfululizo, unaanza kila mlio ukiwa umeshapanda nyuzi zaidi ya mia, na unapoa polepole zaidi. Mlio ule ule sasa unavuka mpaka ambao mlio wa kwanza haukuuvuka.

Marekani kuna wanaowinda panya wa mbugani kwa .22-250, risasi yenye kasi kubwa, na siku moja inaweza kuwa ya risasi mia kadhaa. Waliozoea huenda na bunduki mbili au tatu, moja ikipoa kivulini huku nyingine ikitumika. Katika mashindano ya milengo mingi ya kule, mpigaji hupewa sekunde 90 au 120 kufyatua risasi 10, na mashindano ya siku mbili humaliza risasi 200 hivi. Akiwa na risasi ya milimita 6 yenye ganda kubwa, mtutu mmoja haumvushi msimu akiweka na mazoezi. Hii ndiyo sababu wengi wao wamerudi nyuma na kuchagua maganda madogo kama 6 BR, yenye gramu 2 tu za baruti katika tundu la milimita za mraba 30. Mzigo wa koo ni miligramu 67 hivi. Wamepoteza kasi kidogo, wakapata mtutu unaodumu na bunduki isiyosukuma bega sana, kiasi kwamba wanaona kichwa kikifika.

Kwa mtu wa kawaida kanuni ya mkono inatosha: shika mtutu mbele kidogo ya chumba. Ukishindwa kuushikilia kwa sekunde tano, ngoja. Acha kishikizo wazi ili hewa ipite, na usiache risasi ikae ndani ya chumba cha moto, kwa kuwa baruti yake itapata joto na presha itapanda ukija kuifyatua.

Majeshi, ambayo hayawezi kumwambia askari angoje, yalichagua ngao. Kromu inayopakwa ndani ya mtutu kwa umeme ni ngumu, haiyeyuki hadi karibu nyuzi 1,900, na haikubali kaboni kwa urahisi kama chuma. Bunduki za familia ya Kalashnikov zina kromu hiyo. Baadhi ya bunduki za rashasha, kama M60 ya Marekani, ziliwekewa kooni bomba fupi la aloi ya kobalti ambayo hubaki ngumu hata ikiwa nyekundu kwa moto. Wapiga shabaha hawaipendi sana kromu, kwa sababu ni vigumu kuipaka kwa unene ulio sawa kila mahali, na unene usio sawa huharibu kile wanachokitafuta. Nayo pia hupasuka. Gesi ikishapita kwenye ufa wa kromu hukila chuma kilicho chini, na kromu hubanduka kwa vipande.

Mtutu wa shabaha ukishachoka kooni, fundi anaweza kuufungua, kukata sentimita mbili au zaidi upande wa chumba, kuchonga nyuzi mpya za skrubu na chumba kipya, na kuurudisha. Matuta yanayokutana na risasi sasa ni yale yaliyokuwa mbele zaidi, na kingo zake bado zipo. Kazi hiyo hufaa ikiwa imefanywa mapema, kabla mtutu haujaanza kukosa. Nyufa husafiri mbele kuliko sehemu iliyoliwa, na fundi asipokata hadi apite nyufa zenye kina, koo jipya huanza maisha likiwa na ngozi iliyokwisha pasuka, na huliwa upesi kuliko la kwanza. Kwa .308 iliyopiga 4,000, wengi huona kazi hiyo inalipa. Kwa .243 iliyopiga 1,800, fundi mwenye uzoefu huingiza kamera, hutazama nyufa zimefika wapi, na mara nyingi humshauri mwenye bunduki anunue mtutu mpya, ambao bei yake ni ndogo kuliko ya baruti na vichwa vilivyopita katika ule wa zamani.